Mbwa aliyeishi nyuma ya tangi la maji: uchambuzi wa kisa cha woga wa wageni

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinahusu mbwa jike wa kienyeji, ambaye hapa ataitwa Chiku, aliyeokolewa katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania na kupelekwa kuishi nyumbani kwa mama mmoja wa makamo. Majina na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha wahusika yameondolewa au kubadilishwa. Nilihusika nikiwa mmoja wa watu wanaozisaidia familia zinazopokea mbwa wa aina hii, na niliitwa baada ya familia kukata tamaa ya kumwona mbwa wao mchana.

Chiku alizaliwa kwenye eneo la ujenzi, chini ya rundo la mbao za kumwagia zege, na alikulia hapo akiwatazama watu kwa mbali. Mafundi walikuwa wakimfukuza kwenye vyakula vyao kwa mawe na vipande vya nondo. Jengo lilipokamilika mafundi wakaondoka, naye akabaki akizurura kando ya ukuta hadi watu waliokuwa wakikusanya mbwa wa mtaa walipomnasa kwa kizimba chenye chambo. Daktari wa mifugo alimkadiria umri wa miaka miwili hivi kwa kutazama meno, akamwondoa kupe na minyoo, akamfunga uzazi na kumpa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuonekana kuwa na maumivu yoyote. Hilo ni jambo la kulihakikisha mwanzoni kabisa, kwa sababu mbwa mwenye sikio bovu au nyonga inayouma hujificha na kuuma kwa namna inayofanana sana na mbwa mwoga, na hakuna zoezi litakalomsaidia kabla hajatibiwa.

Historia hiyo ina mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa, kwa kuwa kila moja lina kikomo chake. La kwanza ni woga wa kujifunza: mawe yalimuumiza, naye akajifunza kwamba mtu anayeinama au kunyanyua mkono ni hatari. La pili ni ukosefu wa mazoea ya utotoni. Mtoto wa mbwa huzoea kwa urahisi viumbe na vitu anavyokutana navyo kwa wema kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya kumi na mbili hadi ya kumi na nne ya maisha yake, na baada ya hapo kitu kipya huanza kutazamwa kwa mashaka. Majaribio ya Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1961, yalionyesha kwamba watoto wa mbwa waliokuzwa bila kugusana na binadamu hadi wiki ya 14 walibaki wakiwakwepa watu hata walipofanyiwa jitihada kubwa baadaye. Woga wa kujifunza unaweza kufunikwa na mafunzo mapya, lakini dirisha la utotoni likishafungwa halifunguki tena kwa ukubwa uleule. Kwa hiyo tangu mwanzo nilimweleza mama mwenye nyumba kwamba tunalenga mbwa anayeweza kuishi bila hofu ya kila siku, na kwamba huenda asiwe kamwe mbwa wa kuwapokea wageni mlangoni.

Hali niliyoikuta

Chiku alikuwa anaishi katika upenyo mwembamba kati ya tangi la maji na ukuta wa uani. Usiku, watu wakishalala, alitoka kula ugali na utumbo aliowekewa, akanywa maji na kuzunguka ua. Alfajiri alirudi nyuma ya tangi na kukaa huko mchana kutwa. Mlango wa geti ukigongwa alijikunyata hadi asionekane kabisa, akajizuia hata kwenda haja.

Kabla sijafika, shemeji wa mama huyo alikuwa amemfunga kamba shingoni na kumvuta hadi sebuleni wageni walipokuja, kwa imani kwamba akiona hakuna anayempiga atazoea. Chiku alijikojolea, akalala chali kidogo upande, kisha akaganda bila kutikisika huku watu watatu wakimpapasa. Familia ilifurahi, ikasema ametulia. Kwa wiki nzima baada ya hapo hakutoka nyuma ya tangi hata usiku mpaka taa zote zizimwe.

Tukio hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani. Mbwa aliyetulia ana mwili laini: anageuza shingo, anahama kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, anakubali chakula, na akiitwa anasogeza sikio. Mbwa aliyeganda ana misuli migumu, macho yaliyotoka yakionyesha weupe pembeni, mdomo uliofumbwa na mkia uliobanwa tumboni, na hata nyama ikiwekwa puani haitazami. Wa pili amekata tamaa ya kukimbia, na akiachiliwa anaondoka akiwa anaogopa zaidi kuliko alivyokuja. Zaidi ya hayo, amejifunza kwamba ishara zake za kuomba nafasi hazisikilizwi, na mbwa wa namna hiyo ndiye anayefikia siku ya kuuma bila kunguruma kwanza.

Maamuzi ya kwanza na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu maficho yenyewe. Familia ilitaka kuziba upenyo wa nyuma ya tangi kwa matofali ili mbwa akose pa kukimbilia. Niliwasihi wafanye kinyume chake, yaani wampe maficho bora kuliko yale. Fundi seremala aliunda sanduku la mbao lenye matundu mawili, moja mbele na moja ubavuni, likawekwa kwenye kona ya baraza ya nyuma na kufunikwa kanga kuukuu. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu mbwa aliyelala ndani aliweza kuliona geti kwa mbali, lakini hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupita mbele yake. Nyuma ya tangi Chiku alikuwa anasikia tu. Hakuona nani anaingia wala nani ametoka, hivyo kila sauti ilikuwa hatari isiyo na mwisho. Ndani ya sanduku angeweza kuona kwamba mgeni amekaa pale, hasogei, na kisha ameondoka. Kanuni ya sanduku ilikuwa moja na haikuwa na udhuru: akiwa ndani, hakuna anayemgusa, anayemchungulia wala anayemwita. Chakula cha jioni kilianza kuwekwa karibu na sanduku, kikasogezwa kidogokidogo, na ndani ya majuma machache akawa analala humo kwa hiari. Upenyo wa tangi uliachwa wazi hadi alipouacha mwenyewe.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuzuia wageni wote wasikaribie ua wa nyuma kwa muda, ili mama mwenye nyumba apate kwanza kuaminiwa. Kila jioni alikaa kwenye kigoda mita kadhaa kutoka kwenye sanduku, ubavu ukiwa umeelekea kwa mbwa, akichambua mchele kwenye ungo. Shughuli hiyo ilichaguliwa kwa makusudi. Mtu anayechambua mchele macho yake yako chini, mikono yake inafanya kazi inayoeleweka, na hana haraka ya kutazama kama mbwa amesogea. Kila baada ya muda alidondosha kipande cha mapupu ya ng'ombe yaliyochemshwa, kikubwa kama punje ya haragwe, kisha akaendelea na mchele wake. Siku ambayo Chiku alikula akiwa amempa mgongo ilikuwa muhimu kuliko siku alipokula karibu zaidi, kwa sababu mbwa hampi mgongo mtu anayemwogopa.

Hapa ndipo lilipojitokeza jambo ambalo nadhani kila anayewashughulikia mbwa wa mitaani katika nchi zetu anapaswa kulijua. Ushauri ulioenea sana ni kwamba ukikutana na mbwa mwoga uchuchumae ili uonekane mdogo. Kwa mbwa aliyekulia kwenye mawe, kitendo cha kuinama ndicho hasa kinachotangulia jiwe, na yeyote aliyepita kwenye uchochoro wenye mbwa anajua kwamba ukijifanya tu kuokota kitu watatawanyika. Chiku alimvumilia zaidi mtu aliyesimama wima kuliko mtu aliyeanza kuchuchumaa. Kwa hiyo tulipanga kwamba kila mtu awe amekwisha kukaa kabla mbwa hajamwona, na asiinuke mpaka mbwa awe amerudi ndani ya sanduku. Vilevile kurusha chakula kwa mkono ulionyanyuliwa juu ya bega kulipigwa marufuku. Kipande kilitoka kwenye kiganja kilicholegea karibu na goti, kikaviringika chini.

Chakula chenyewe nacho kilihitaji kufikiriwa. Dagaa wakavu wana harufu kali, hawachafui mikono na huvunjika vipande vidogo, lakini dagaa wengi wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mnyama anayekula vipande vingi kila siku. Tulitumia dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani bila chumvi. Dagaa na mapupu viliwekwa kwa ajili ya mazoezi peke yake, visichanganywe kwenye ugali wa kawaida, ili vibaki na thamani machoni pake.

Mgeni wa kwanza

Kumchagua mgeni wa kwanza lilikuwa suala gumu, kwa kuwa watu waliojitolea walikuwa wale wanaopenda mbwa, na anayependa mbwa hutaka kumshika. Hatimaye mama alimpendekeza jirani yake, mzee mwenye umri wa kutosha kuwa babu, ambaye kila siku baada ya swala ya alasiri hupita kumjulia hali. Nilipomwamkia na kumweleza tunachohitaji, alinijibu kwa uwazi: "Mwanangu, mimi mbwa simgusi, nina udhu wangu. Lakini kama kazi ni kukaa tu, kukaa nitakaa." Hakuna maelezo ambayo yangefaa zaidi. Tulihitaji mtu asiyetaka chochote kutoka kwa mbwa, asiyemwita, asiyemkodolea macho, asiyenyoosha mkono, na tukampata mtu ambaye staha yake ya dini ilimfanya afanye hivyo bila kukumbushwa. Kwa upande wetu tuliahidi kwamba benchi lake litakuwa mahali safi ambapo mbwa hafiki, na kwamba Chiku hatamwendea ghafla, ahadi iliyokuwa rahisi kuitimiza.

Benchi liliwekwa mwisho wa ua, takriban mita kumi na mbili kutoka kwenye sanduku. Umbali huo haukutoka kichwani. Tuliupata kwa kutafuta mahali ambapo Chiku aliona mtu, akamtambua, na bado akaweza kula. Kwenye mita kumi alikuwa anatazama kipande kikianguka mbele yake na kukiacha; kwenye mita kumi na mbili alikula, ingawa kwa kunyakua. Kula au kutokula ndicho kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia bila mafunzo, kwa sababu mwili uliojiandaa kukimbia huifunga njaa. Ishara za mapema zaidi zinahitaji macho yaliyozoea: kulamba pua pasipo chakula, kupiga miayo pasipo usingizi, kunyanyua mguu mmoja wa mbele, kuhema wakati hewa ni ya baridi. Tukiziona mbili kwa pamoja, zoezi lilisimama hapo.

Zoezi lenyewe lilikuwa fupi, la dakika tano au pungufu. Mzee alikuwa tayari ameketi nyuma ya pazia la kanga lililotundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mama alivuta kanga, Chiku akamwona mzee, na mara tu alipomwona, mama, si mzee, alianza kumdondoshea mapupu, kipande baada ya kipande. Kanga iliporudishwa, vipande vilikoma. Mpangilio huo ndio roho ya kazi yote. Mwanafiziolojia Ivan Pavlov wa Urusi, katika majaribio yake ya mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha kwamba ishara hupata maana pale inapotangulia chakula. Ikiwa mtu ataonekana kwanza na chakula kikafuata, mtu huanza kuashiria chakula. Ikiwa chakula kitatangulia, basi chakula ndicho kitakachoashiria mtu wa kuogopwa. Tulishuhudia upande huo wa pili mapema kabisa, pale kijana wa nyumbani alipokuwa akifungua mfuko wa nailoni wa dagaa kabla ya kanga kuvutwa. Baada ya mara chache Chiku alianza kukimbilia nyuma ya tangi kila aliposikia nailoni ikichakarika, hata jikoni. Dagaa zilihamishiwa kwenye bakuli la bati lisilo na mfuniko, likakaa tayari kibarazani saa zote, na mkimbio ule ukaisha.

Mabadiliko ya kwanza ya kweli yalionekana kichwani na si miguuni. Kanga ilipovutwa, Chiku alimtazama mzee, kisha akageuza kichwa haraka kumtazama mama, kana kwamba anauliza mapupu yako wapi. Mpaka hapo hatukuwa tumesogeza benchi hata hatua moja, ingawa watu wa nyumbani walikuwa na hamu kubwa ya kulisogeza. Baada ya mgeuko huo wa kichwa kujirudia siku kadhaa mfululizo, tuliondoa kanga, na baadaye benchi likasogezwa kwa nusu mita hivi kwa wakati mmoja.

Kusimama kulikuwa mlima mkubwa kuliko umbali. Mzee akiinuka, kazi ya wiki tatu ilifutika kwa sekunde moja. Tulilivunja tendo hilo vipande: kwanza aliweka mikono magotini tu, mapupu yakadondoka, akairudisha, siku nyingine aliinamia mbele kidogo bila kuacha benchi, kisha akainua makalio kidogo na kukaa tena, mwisho akasimama na kukaa papo hapo. Kila tulipoanza kipande kipya, benchi lilirudishwa mita tatu au nne nyuma, kwa sababu mbwa hawezi kupewa ugumu wa aina mbili kwa pamoja. Mzee alikuwa na subira ya kunishangaza katika hili, na nadhani ni kwa sababu yeye mwenyewe magoti yalikuwa hayamruhusu kuharakisha.

Alipoweza kumwona mzee akisimama bila kukimbia, tuliingia hatua ya mzee kutoa chakula mwenyewe. Hapa kipande hakikuwekwa kati ya mtu na mbwa ili kumvuta mbwa mbele. Kilitupwa nyuma ya mbwa, upande wa sanduku. Chiku aligeuka, akaenda mbali na mzee, akala, kisha akaamua mwenyewe kama atarudi kutazama. Kwa njia hii alilipwa mara mbili, kwa chakula na kwa kupata umbali, na kila hatua aliyoipiga kumwelekea mtu ilikuwa yake mwenyewe.

Mambo yaliyoharibika

Wakati mambo yanakwenda vizuri, mpwa wa mama huyo alikuja kutoka mkoani kwa likizo. Alimwona Chiku akila karibu na watu, akachukua kipande cha ini na kukinyoosha mkononi huku akimwita kwa upole. Chiku alijinyoosha, miguu ya nyuma ikiwa imebaki mbali na shingo imerefuka, akakichukua kile kipande. Kijana akafurahi, akanyoosha kingine karibu zaidi na kifua chake, na mkono wa pili ukaenda kumgusa kichwani. Chiku alimuuma kidole na kukimbia. Jeraha lilikuwa mchubuko mdogo, lakini lilioshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na kijana alipelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na kadi ya chanjo ya mbwa. Chiku alizuiliwa asitoke nje ya ua na kuangaliwa kwa siku 10, utaratibu unaofuatwa kwa mbwa mwenye afya aliyeuma. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu katika nchi zetu, na udogo wa jeraha si hoja ya kutokwenda hospitali.

Sababu ya kung'ata ilikuwa wazi kwenye mkao wake kabla ya tukio. Njaa ilimpeleka mahali ambapo woga haukuwa tayari kwenda. Chakula kilipoisha mdomoni, alijikuta amesimama chini ya kifua cha mtu asiyemjua, na mkono ukishuka kutoka juu. Mwili ulionyooka namna ile, mbele unataka na nyuma unakataa, unapaswa kusomwa kama kukataa.

Wiki mbili baadaye fundi bomba aliingia bila kutarajiwa akiwa na bomba refu begani, geti likiwa limefunguliwa na mtu asiyejua utaratibu. Mtaani kulikuwa na harusi yenye muziki tangu siku mbili nyuma, na usiku uliotangulia mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya mabati. Chiku alikimbilia nyuma ya tangi, mahali alipokuwa hajapakanyaga kwa miezi, akakaa huko hadi usiku wa pili. Alipotoka hakumvumilia hata mzee kwenye umbali wa mwanzo. Familia ilivunjika moyo, ikidhani tumerudi sifuri.

Tulisimamisha mazoezi yote kwa siku chache. Mishtuko ikifuatana, mwili haupati muda wa kushuka kutoka kwenye hali ya tahadhari, na kitu ambacho jana kilivumilika leo hakivumiliki. Harusi, mvua na bomba havikuwa matukio matatu madogo, vilikuwa mzigo mmoja. Ratiba yake ya chakula haikubadilishwa hata kidogo, mama alirudi kwenye ungo wake, na hakuna mgeni aliyepita uani. Kisha mzee alianza tena mbali kuliko alivyoanza mara ya kwanza, nyuma ya kanga. Safari iliyokuwa imechukua miezi ilirudiwa kwa muda wa wiki tatu hivi, jambo lililotuonyesha kwamba alichojifunza hakikuwa kimefutika.

Kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa watu

Mbwa hajifunzi kwamba wageni ni salama. Hujifunza kwamba yule mzee, kwenye benchi lile, saa za alasiri, ni salama. Mwanamke wa kwanza aliyeketi palepale, akiwa amevaa baibui jeusi, alimfanya Chiku atoroke kana kwamba hatujawahi kufanya kazi yoyote. Ilibidi tuanze naye kwa umbali, ingawa hatua zilikwenda haraka zaidi. Wa tatu alikuwa haraka kuliko wa pili, na kuanzia wa tano tuliona Chiku akitoa mgeuko ule wa kichwa kwa mtu asiyemjua siku ya kwanza. Tuliwapanga kwa ugumu: wanawake wazima waliokaa, kisha wanaume waliokaa, kisha mtu mwenye kofia, na dereva wa bodaboda akiwa ameshika helmeti mkononi, kisha akiwa ameivaa. Watoto hatukuwaweka kwenye zoezi. Mtoto hawezi kutakiwa akae bila kusogea na asome mwili wa mbwa, na hasara ya kukosea iko usoni mwake.

Chanjo ya mwaka uliofuata ilihitaji uamuzi wa peke yake. Daktari wa mifugo alikubali kuja nyumbani bila koti jeupe, na kabla ya ziara aliagiza gabapentini, dawa ya kupunguza hofu inayopatikana kwenye maduka ya dawa za binadamu, itolewe saa mbili hivi kabla, kwa kipimo alichokikokotoa kwa uzito wa mbwa. Alitufafanulia kwa nini hakutaka kutumia asepromazini, dawa nyingine ya kutuliza wanyama: humlegeza mnyama misuli huku akiendelea kuogopa, hivyo anayemtazama huona utulivu usiokuwepo. Mama ndiye aliyemshika, kwa kutumia mkanda wa kifuani aliokuwa amezoezwa kuuvaa wakati wa kula, na chanjo ilikwisha kabla mapupu hayajaisha.

Matokeo

Baada ya miezi tisa hivi, Chiku hulala barazani mchana, nje ya sanduku. Geti likigongwa huinuka, huingia ndani ya sanduku bila kukimbia na kutazama kutoka mlangoni pake. Mgeni akikaa, hutoka baada ya dakika chache na kupita ukutani hadi kwa mama. Hula mbele ya watu asiowajua. Akiwa na mama hujilaza ubavu na kukubali kukunwa kifuani. Mama humkuna kwa sekunde tatu, huondoa mkono, na huendelea pale tu Chiku anaposogea tena.

Mgeni bado hawezi kumgusa, na mtu aliyebeba kitu kirefu bado humfanya akimbie. Hatembezwi mtaani mchana. Jaribio la kumtoa getini kwa kamba mbili, moja kwenye mkanda wa kifuani na nyingine shingoni ili asichomoke, lilionyesha kwamba hakula chochote nje hata mtaa ukiwa mtupu, na tuliliacha. Ua una nafasi ya kutosha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote, kwa maoni yangu, ni ruhusa ya kuondoka. Sanduku lenye matundu mawili, kipande kinachotupwa nyuma ya mbwa, mkono unaosita baada ya sekunde tatu, vyote vilimwambia jambo lilelile: unaweza kwenda na hakuna atakayekufuata. Chakula kilikuwa na nguvu kwa sababu kilikuja juu ya msingi huo. Kilipotumiwa bila huo msingi, kama alivyofanya yule mpwa, chakula kilekile kilizaa jeraha.

La pili ni uchaguzi wa wasaidizi. Waliojitolea kwa upendo walihitaji kuzuiwa kila dakika, na mwili wa mtu anayejizuia hausomeki kuwa mtulivu. Mzee hakuwa na la kujizuia. Tangu kisa hiki, ninapotafuta mgeni wa kwanza kwa mbwa mwoga, naanza kwa kuuliza nani katika majirani hana hamu na mbwa lakini ana dakika kumi za kukaa.

Kilichoshindwa ni mpango wa geti. Mazoezi yalipangwa kwa makini huku mlango wa kuingilia ukiachwa kwa yeyote aliyekuwa karibu, na mtu mmoja mwenye bomba alitosha kugharimu wiki. Utaratibu uliowekwa baadaye ungeweza kuwekwa siku ya kwanza: geti la nje halifunguliwi kabla la ndani kufungwa, fundi hupiga simu kabla ya kuja, vitu virefu hupitishwa upande wa mbele wa nyumba, na wageni wanaolala huelezwa kanuni ya sanduku kabla hawajashusha mizigo.

Kuna swali moja ambalo daktari na mimi tulilitazama kwa namna tofauti. Yeye aliona kwamba baada ya tukio la fundi bomba tungeweza kuanza fluoksetini ya kila siku, dawa inayohitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuonyesha nguvu yake, ili kushusha kiwango cha hofu na kuyapa mazoezi nafasi. Mimi nilipendelea kusubiri, kwa kuwa Chiku alikuwa anakula, analala na kurejea kwenye mazoezi. Tulikubaliana kwamba kama angepitisha wiki mbili bila kula mchana, au kama angeanza kujiuma manyoya au kuzunguka bila kukoma, dawa ingeanza mara moja. Hakufika huko. Mbwa mwingine mwenye historia hiyohiyo angeweza kufika, na hapo kuendelea na dagaa na benchi peke yake kungekuwa kumchelewesha.